Baba mdogo ameandika tangazo la harusi yangu, watu hawalielewi

Mama Mshauri, salamu sana kutoka Katuba, Lubumbashi.

Mimi ni binti wa miaka 27. Baba alifariki nikiwa bado sekondari, na baba mdogo ndiye aliyenisomesha, akapokea wakwe, akasimamia dota mpaka mwisho. Kesho yake baada ya dota akaandika tangazo la harusi na kulituma mwenyewe kwenye magrupu yote ya WhatsApp, bila kutuonyesha mimi wala mchumba wangu. Maneno yake ni haya, nimeficha majina tu:

"Familia kubwa ya Mhandisi G., mstaafu wa reli, pamoja na familia zote husika, wana heshima kubwa na furaha isiyo na kifani kuwatangazia ndugu, jamaa, marafiki na majirani kwamba, baada ya dota kukamilika kikamilifu, mtoto wao atafunga ndoa na kijana wa familia ya K. tarehe 5/9/2026. Komine Ijumaa, misa saa 5, karamu saa 12, mahali panapojulikana. Kuwepo kwenu ni lazima."

Tangu hapo simu yangu hailali. Ndugu wa Kolwezi wanauliza kama karamu ni ya mchana. Binti ya mama mkubwa aliyeko Amerika ameomba likizo ya mwezi huu wa tano unaokuja. Kanisani wanauliza ni mtoto gani anayeolewa, maana nyumbani tuko mabinti watatu. Mama amenyamaza, lakini najua kinachomuuma: jina la baba halimo, na lake halimo. Mchumba wangu anasema tutengeneze jingine zuri lenye picha yetu, tulitume, yaishe. Mimi naogopa. Baba mdogo ataona tumemdharau, tena mbele ya wakwe. Nikiacha lilivyo, watu watapotea. Nifanye nini, na tangazo zuri linaandikwaje?

Bibi harusi mtarajiwa, Katuba

*

Mwanangu, asante kwa kuninakilia tangazo neno kwa neno, maana bila hilo ningebaki kubahatisha. Kabla hatujashika kalamu, naomba tumtazame kwanza aliyeliandika, kwa sababu naona umeanza kulisoma kama maandishi ya mtu anayejivuna. Mimi nimeliona tofauti kidogo.

Baba mdogo hakuwa anazungumza na mgeni anayetafuta kanisa. Alikuwa anazungumza na ukoo, na wakwe, na labda na kaka yake aliyelala. Maneno "baada ya dota kukamilika kikamilifu" yana uzito kwake. Kwa Sheria ya Familia ya nchi yetu, ile ya mwaka 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, dota ni sharti la ndoa, na kwa wazee wetu ndiyo inayosema kwamba binti ametoka nyumbani kwa mlango wa mbele. Mzee aliyebeba mzigo huo miaka yote hiyo, siku ya kwanza baada ya kuutua, alitaka watu wajue. Ndiyo maana akawahi. Kwa hiyo ukimwendea ukisema "tangazo lako ni baya", atasikia kwamba kazi aliyokufanyia ni mbaya. Ukimwendea na simu ya ndugu wa Kolwezi anayeuliza kama karamu ni mchana, hapo mnazungumzia wageni wake mwenyewe wanaohangaika.

Sasa tuliangalie tangazo, tuanze na tarehe, kwa sababu hapo ndipo hasara iko karibu zaidi. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika siku kwanza, mwezi baadaye, basi 5/9 kwetu ni tarehe tano mwezi wa tisa. Amerika wanatanguliza mwezi, na kwao 5/9 ni tarehe tisa mwezi wa tano. Kuna jambo moja zaidi ambalo huenda hukuliona. Tarehe 5 Septemba 2026 ni Jumamosi, na tarehe 9 Mei 2026 nayo ni Jumamosi. Kila mwaka tarehe hizo mbili huangukia siku moja ya juma. Kwa hiyo hata baba mdogo angeandika "Jumamosi 5/9", dada yako wa Amerika angefungua kalenda, angeikuta Jumamosi kweli, na angekata tiketi ya Mei akiwa na amani moyoni. Dawa yake ni kuandika mwezi kwa jina, na kwa kuwa wazee wetu wanahesabu kwa namba, yaweke yote mawili: "Jumamosi tarehe 5 mwezi wa tisa (Septemba) 2026". Hapo hakuna wa kukosea. Na tafadhali, mpigie dada huyo leo, usisubiri tangazo jipya. Likizo ikishatolewa kazini kuibadilisha ni shida.

Saa nayo ina mtego wa nyumbani kwetu. Lubumbashi tunaishi na saa mbili kichwani. Sokoni na nyumbani saa tano ni asubuhi jua likiwa juu, ofisini na shuleni saa hiyo hiyo inaandikwa 11h00. Baba mdogo ameandika "misa saa 5", naye bila shaka ana maana ya saa tano asubuhi, lakini kijana aliyezoea saa ya Kifaransa anaweza kuwaza saa kumi na moja jioni. Kwenye karamu ni vibaya zaidi. "Saa 12" kwa Kiswahili ni magharibi, kwa Kifaransa ni adhuhuri kamili, na kwa bahati mbaya karamu inawezekana wakati wowote kati ya hizo. Ndugu zako wa Kolwezi wana haki ya kuuliza. Ni kilomita 300 hivi. Karamu ikiwa adhuhuri, wanaweza kurudi siku hiyo hiyo. Ikiwa magharibi, lazima wapate pa kulala. Andika saa kwa maneno pamoja na kipande cha siku, halafu uiweke ya ofisini pembeni: "saa tano asubuhi (11h00)". Na kama mnao ndugu Kinshasa watakaofuatilia misa kwa simu, ongeza "saa za Lubumbashi", maana wao wako nyuma yetu saa moja.

Lakini ngoja kidogo. Nina swali ambalo ni lako kulijibu kabla ya kuandika herufi yoyote: baba mdogo alipoandika "saa 5", je, parokia ilikuwa imethibitisha? Aliandika kesho yake baada ya dota. Septemba bado ni kiangazi kwetu, na kiangazi ndiyo msimu wa harusi. Jumamosi moja inaweza kuwa na wachumba kadhaa kwenye kanisa moja, na paroko akaamua kuwaweka misa moja au kuwasogeza saa. Nenda kwa sekretari wa parokia, uliza tarehe na saa, uliza pia majina yenu yataanza lini kutangazwa Jumapili. Saa ikiwa bado haijakaa sawa, ni afadhali tangazo litaje tarehe tu na kusema saa itafuata, kuliko kusahihisha mara ya pili. Tangazo la kwanza watu wamelishika kichwani, la pili watalisoma kwa makini, la tatu hawatalisoma.

Kuhusu komine: tangazo linasema "Ijumaa" bila kusema ni ipi wala komine gani, na Lubumbashi zipo kadhaa. Jiulize kama mnataka watu wote huko. Chumba cha kufungia ndoa ni kidogo, na kwa kawaida wanaoenda ni mashahidi na jamaa wa karibu. Kama ndivyo, iondoe kabisa kwenye tangazo la wote na uwaambie wahusika kwa mdomo.

Sasa majina. Hapa naandika polepole, kwa ajili ya mama yako. Tangazo linasema "mtoto wao", wala wewe hutajwi. Hilo linarekebishika kwa dakika moja. Jina la baba ndilo gumu, kwa sababu kumrudisha baba kunaweza kuonekana kama kumwondoa baba mdogo. Mimi siamini kwamba lazima mmoja atoke. Matangazo mengi ya kwetu huandika "familia ya marehemu Papa fulani na Mama fulani", kisha hutaja aliyesimama mahali pa marehemu. Unaweza kuandika "ikiongozwa na Baba Mdogo G., aliyemlea binti yetu". Tazama maneno hayo matatu ya mwisho yanavyofanya kazi. Cheo cha mhandisi na ustaafu wa reli vinasema yeye ni nani kazini. "Aliyemlea binti yetu" inasema yeye ni nani kwako, na kila atakayesoma ataelewa ni kwa nini jina lake liko pale. Nadhani itamgusa zaidi. Lakini kama cheo ni kitu anachokipenda, kiache, hakimpotezi mtu njia. Muulize mama yako kwanza kama anataka jina lake na la marehemu yakae mstari mmoja, maana kuna wajane wanaotaka hivyo na wengine maneno hayo yanawachoma. Mjomba wa upande wa mama naye msimsahau, kama kwenu ana neno katika ndoa. Hata asipotajwa, aonyeshwe maandishi kabla hayajatoka.

Kisha karamu. Hii ndiyo sehemu ambayo hukuniuliza, nayo ndiyo itakayowagharimu. Baba mdogo ameita "ndugu, jamaa, marafiki na majirani" kwenye magrupu yote, akasema kuwepo kwao ni lazima, na akataja karamu. Kwa maneno hayo, kila aliyesoma amealikwa ukumbini. Je, ukumbi mliokodi unaingiza watu wangapi, na magrupu hayo yana watu wangapi? Tangazo ni la kuwajulisha wote, bileti ni ya kumwingiza mtu ukumbini, na hapa vimechanganyika.

Njia ziko mbili, na kila moja ina ubaya wake. Mnaweza kuiacha karamu isitajwe kabisa, tangazo likaishia kwenye misa. Ni safi, lakini wa mbali hawatajua kama walale au warudi, na wengine watasema mmeificha. Au mnaitaja wazi, kwa upole: misa ni ya wote, karamu ya jioni ni kwa bileti. Hapo kila mtu anajua, ila kuna majirani watakaoumia kusoma hivyo baada ya kuambiwa kwamba kuwepo kwao ni lazima. Wapo wanaopunguza maumivu hayo kwa kuandaa vinywaji kidogo kanisani mara tu baada ya misa, ili asiye na bileti naye awapongeze na kupiga picha nanyi. Uwezo wenu mnaujua wenyewe. Neno "lazima" ningelitoa kwa vyovyote. Mtu haitwi kwenye furaha kwa amri.

Nimejaribu kuyapanga maneno ya baba mdogo upya, nikibakiza mengi aliyotaka kuyasema:

"Jumamosi tarehe 5 mwezi wa tisa (Septemba) 2026: ndoa ya A. na J. Tarehe haijabadilika, haya ni maelezo kamili.

Familia ya marehemu Papa F. na Mama N., ikiongozwa na Baba Mdogo G. aliyemlea binti yetu, pamoja na familia ya Papa K. na Mama L., tunawajulisha kwa furaha kwamba familia zetu zimepokeana, dota imetimia kwa heshima, na watoto wetu A. na J. watafunga ndoa mbele ya Mungu.

Misa itaanza saa tano asubuhi (11h00, saa za Lubumbashi), kanisa la parokia ya M., Katuba, nyuma ya soko. Misa ni ya wote, njooni tuwaombee na kuwasindikiza.

Kwa karamu ya jioni, familia zitawafikia wageni kwa bileti.

Kuuliza njia au malazi: upande wa bibi harusi, simu fulani, upande wa bwana harusi, simu fulani."

Badilisha "nyuma ya soko" kwa alama ambayo mwendesha pikipiki yeyote anaijua, maana namba ya avenyu peke yake haimfikishi mgeni wa Kolwezi. "Mahali panapojulikana" panajulikana na ninyi wa mtaa huo tu.

Nimeweka tarehe na majina juu kabisa, kabla ya familia, na najua mzee anaweza kulipinga hilo kwa sababu desturi ni familia kutangulia. Sababu yangu ni ya WhatsApp yenyewe: ujumbe ukiwa mrefu, simu huukunja na kuonyesha mistari ya mwanzo tu, na wengi hawabonyezi kusoma iliyobaki. Kwenye kadi ya karatasi hakuna shida hiyo, huko familia zirudi juu na zipewe nafasi yao yote. Maneno "tarehe haijabadilika" nayo yasikosekane. Watu wakiona tangazo la pili, kitu cha kwanza wanachowaza ni kwamba harusi imeahirishwa au kuna ugomvi wa dota, na neno hilo litatembea kuliko tangazo lenyewe.

Mchumba wako anataka picha yenu, na sioni ubaya. Lakini maandishi yaliyochorwa juu ya picha hayanakiliki, na yakiwa madogo ya dhahabu juu ya maua, mama mzee hayasomi. Picha itumwe, na maandishi yafuate chini yake kama ujumbe wa kawaida. Kwa bibi zetu wasiosoma, sauti iliyorekodiwa inatosha, tarehe na saa zikisemwa mara mbili.

Imebaki nani alitume. Mkifanya kama mchumba wako anavyotaka, mtapata tangazo zuri upesi, lakini magrupu yatakuwa na matangazo mawili kutoka mikono miwili, na watu watauliza lipi ni la familia. Hofu yako kuhusu wakwe hapo ina msingi. Mkinyamaza na kumjibu kila mmoja kwa simu, heshima ya mzee inabaki, ila utakuwa unajibu tu wale wanaouliza. Dada wa Amerika hakuuliza, aliomba likizo. Njia ya tatu ni baba mdogo mwenyewe alitume lililorekebishwa, kwenye magrupu yale yale, kwa jina lake. Kwangu hiyo ndiyo yenye makelele machache, lakini inataka akubali, na wewe unamjua kuliko mimi. Kuna wazee ambao ukiwaambia "Baba, watu wanauliza, tusaidie kulikamilisha", wanachukua kalamu saa hiyo hiyo. Kuna wengine ambao hawasikii kwa mtoto, wanasikia kwa mke wao, au kwa rafiki wa zamani wa kazini, au kwa padri. Yupi kati ya hao ni baba mdogo?

Kama utamwendea, nenda na mama, na mchumba abaki nyumbani siku hiyo, isionekane kwamba wakwe wamekuja kusahihisha. Anza kwa kumshukuru kwa dota, maana umeniambia mimi kwamba aliisimamia mpaka mwisho, sijui kama yeye umemwambia. Kisha msomee maswali ya watu kama yalivyo, halafu mpe karatasi yenye maneno mapya aandike juu yake mwenyewe. Akirudisha "furaha isiyo na kifani", iache. Akirudisha cheo chake, kiache. Akitaka jina lake litangulie la marehemu, hapo msijibu siku hiyo hiyo, mama aseme neno lake kwanza. Mambo ambayo mngeyashikilia kwa upole mpaka mwisho ni machache: mwezi kwa jina, saa kwa maneno na kipande cha siku, jina lako na la mwenzako, na bileti ya karamu.

Niandikie tena mkishaonana naye, hasa kama mama atakuwa na neno kuhusu jina la marehemu.